Kurudi kazini taratibu

Swali: Nabeba mizigo kiwandani Kihonda. Nilivunjika paja, sasa daktari ameniruhusu kurudi. Naombaje kuanza polepole?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Cheti kinachosema “kazi nyepesi” tu hakitoshi, kwa sababu msimamizi atajitafsiria mwenyewe. Daktari aandike usichoweza: kunyanyua magunia, kusimama muda mrefu. Kisha mwandikie mwajiri: wiki 2 za kwanza saa 4 kwa siku, mbili zinazofuata saa 6, halafu saa 8, mkikutana kabla ya kila ongezeko. Mguu ukivimba jioni, msiongeze.

Mkubaliane kwa maandishi kuhusu malipo ya saa pungufu. Sheria inatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 mshahara kamili, 63 nusu. Uliza zimebaki ngapi.