Roboti Ikikukabidhi kwa Afisa, Maneno Yako Yasibaki Nyuma

Ukiiandikia ofisi ya umma kupitia WhatsApp, mara nyingi anayekujibu kwanza ni roboti. Ikishindwa, hukuweka kwenye foleni ya maafisa. Hapo ndipo wengi hukasirika: afisa anaingia, anauliza, "Nikusaidie vipi?" nawe unaanza upya.

Tuseme mwenye duka amelipia leseni ya biashara kwa M-Pesa Ijumaa alasiri. Pesa zimekatwa, leseni haijatoka. Roboti inamwomba nambari ya biashara na ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Inatafuta, haioni malipo.

Kabla ya kumpeleka kwenye foleni, mfumo unapaswa kubeba mambo matatu: mazungumzo yote kama yalivyoandikwa, muhtasari wa mistari miwili wa tatizo na yale yaliyokwisha kujaribiwa, na sababu ya kumhamisha, ili aende kwa maafisa wa mapato, si wa maji. Hapo afisa ataanza hivi: "Naona ulilipia leseni Ijumaa na malipo hayaonekani. Uliandika nambari gani ya akaunti ulipolipa?" Swali hilo linasogeza mambo mbele, kwa sababu akaunti ikikosewa, pesa hufika lakini haziunganishwi na duka lake.

Baada ya makabidhiano, roboti lazima inyamazishwe katika mazungumzo hayo. Isiponyamazishwa, mwenye duka akimjibu afisa "1", roboti huichukua kama chaguo la menyu na kumrudisha mwanzo. Ukiona menyu imejitokeza huku ukiongea na afisa, usichague chochote. Mwambie afisa.

Kuna pia suala la muda. WhatsApp huruhusu ofisi kukuandikia kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu ujumbe wako wa mwisho. Swali la Ijumaa likifikiwa Jumatatu, dirisha hilo limefungwa. Afisa anaweza kutuma tu ujumbe wa kiolezo ulioidhinishwa mapema, mfano: "Tunashughulikia ombi lako. Jibu NDIYO tuendelee." Wengi huudhani ni tangazo na kuupuuza, na shauri hukwama. Ukitoka kwenye mazungumzo yale yale uliyoandikia, ujibu. Jibu lako hufungua saa 24 nyingine.

Nawe una sehemu yako. Eleza shida yote katika ujumbe mmoja kabla ya kuomba afisa. Tumia laini ile ile hadi mwisho, kwa kuwa kwa kawaida mfumo hukutambua kwa nambari ya simu. Ukihamia simu ya jirani, unaonekana mgeni. Afisa akikuuliza upya, mwombe kwa heshima asome ujumbe wa juu.

Nambari yako ya siri ya M-Pesa usimpe yeyote, roboti wala afisa. Hakuna malipo yanayohitaji hiyo ili kutafutwa.