Barua Pepe Fupi kwa Kiingereza kwa Msomaji wa Kireno



Somo la toleo hili linatoka mtaani kwetu Magarama, hapa Gitega. Kuna kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu, nami huwasaidia kuandika barua za biashara. Mnunuzi wao yuko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Yeye anasoma Kireno, hasomi Kirundi wala Kifaransa, na Kiingereza anajua maneno machache tu. Tunamwandikia kwa Kiingereza, naye anaipitisha barua kwenye mashine ya kutafsiri ndani ya simu yake.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tusiandike Kiswahili na kuiachia mashine kazi yote? Sababu ni kwamba mara nyingi mashine ikitoka Kiswahili kwenda Kireno hupita kwanza katika Kiingereza ndani kwa ndani, na njia hiyo ya katikati hatuioni wala hatuwezi kuisahihisha. Tukiandika Kiingereza wenyewe, hatua moja tunaishika mkononi. Tena watu wengi wa Nampula lugha yao ya nyumbani ni Kimakua, Kireno wamejifunza shuleni kama sisi tulivyojifunza Kifaransa. Kiingereza kifupi huzaa Kireno kifupi, na hicho ndicho kinachowafaa.

Barua iliyoletwa

Mwezi wa tatu mwaka 2025 mwenzetu mmoja wa chuo alileta rasimu hii ili tuitazame pamoja kabla haijatumwa:

```
Dear Sir, we demand you to confirm us the order
of the baskets because the women they already
started and we will send them by Thursday 03/04
if the balance of 1,250 is paid, actually it is not.
```

Mrundi aliyesoma anaielewa bila shida. Lakini mashine haijui alichokusudia mwandishi, inajua maneno yaliyo mbele yake tu. Tuyachukue matatizo yake moja baada ya jingine.

Kiingereza kilichovaa kanzu ya Kifaransa

Sisi wa Burundi tuna mtego ambao wenzetu wa Tanzania na Kenya hawana. Tumesoma kwa Kifaransa, na Kiingereza chetu kinatembea na maneno ya Kifaransa ndani yake. Mwandishi alitaka kusema "tunaomba". Kwa Kifaransa hilo ni "nous demandons", naye akaandika "we demand". Kwa Kiingereza neno hilo si kuomba, ni kudai kwa nguvu. Mashine inalitafsiri kwa uaminifu na kutoa "exigimos", ambalo Mreno analisikia kama tunavyosikia sisi "tunakulazimisha". Mnunuzi angesoma amri kutoka kwa watu anaotaka kuwapa fedha.

Hali ni hiyo hiyo kwa "actually". Mwandishi aliwaza "actuellement", yaani kwa sasa. Mashine inasoma "kwa kweli" na kuandika "na verdade", na sentensi inageuka kuwa kama lawama. Dawa ni kuacha maneno hayo kabisa. Kwa ombi andika "please" na kitenzi. Kwa wakati wa sasa andika "now" au, bora zaidi, tarehe yenyewe.

"Them" ni nani?

Katika rasimu ile kuna "we will send them". Ni vikapu au ni akina mama? Katika Kiswahili tungesema "tutavituma" au "tutawatuma", na ngeli ingemaliza ubishi. Kiingereza hakina msaada huo. Kireno nacho kina jinsia ya kike na ya kiume: wanawake ni "mulheres", neno la kike, na vikapu vinaweza kuwa "cestas", neno la kike pia. Mashine ikichagua "cestas", kiwakilishi kitakachotoka kitawafaa wote wawili. Basi rudia jina la kitu. Andika "the baskets" mara tatu kama inabidi. Mwalimu wa insha atachukia, lakini mnunuzi ataelewa.

Jinsia ina upande wa pili. Kirundi na Kiswahili havitofautishi "yeye" wa kike na wa kiume, hivyo wengi wetu huandika "he" kwa mama mzima. Kwa Kireno kosa hilo husambaa, kwa sababu hata sifa hubadilika: mtu aliye tayari ni "pronto" akiwa mwanamume na "pronta" akiwa mwanamke. Dada zetu wajue pia kwamba shukrani ya mwanamke ni "obrigada", ila mashine mara nyingi itawaandikia "obrigado" ya wanaume. Hilo halivunji biashara, lakini taja "Mrs." mbele ya jina lako ili mpokeaji ajue anamjibu nani.

Tarakimu na siku

Hapa ndipo fedha hupotea. Katika Kiingereza, "1,250" ni elfu moja mia mbili na hamsini. Katika Kireno alama hizo hubadilishana kazi: nukta hutenga maelfu na mkato hutenga sehemu ya desimali. Kwa hiyo "1,250" machoni pa Mreno ni moja na robo. Mashine wakati mwingine hubadilisha alama, wakati mwingine huiacha ilivyo, na wewe huwezi kujua simu ya mwenzako itafanya lipi. Andika 1250 bila alama yoyote, kisha taja sarafu.

Tarehe "03/04" nayo ina shaka. Sisi na Wareno tunaanza na siku, Wamarekani wanaanza na mwezi. Anayejua kwamba barua ilitoka kwenye Kiingereza anaweza kuisoma Kimarekani. Andika jina la siku, namba, jina la mwezi na mwaka.

Neno "by" katika "by Thursday" mashine hulitafsiri "até". Lakini "until" pia ni "até". Kwa hiyo "kabla Alhamisi haijaisha" na "mpaka Alhamisi" huvaa nguo moja. Ukitaka kuweka mwisho wa muda, sema wazi: "The last day is Tuesday 1 April 2025."

Jibu likija, utakutana na siku za Kireno, nazo zina namba kama zetu. Kwetu hesabu inaanza Jumamosi, kwao inaanza Jumapili. Hivyo "segunda-feira", siku ya pili, si Jumapili bali ni Jumatatu. "Terça-feira", ya tatu, ni Jumanne. "Quarta-feira", ya nne, ni Jumatano. Ongeza moja kila mara. Ukifika "quinta-feira", ya tano, utapata Alhamisi, na hapo aliyesoma Kiarabu atatabasamu, kwa kuwa Alhamisi nayo maana yake ni ya tano, hesabu ikianza Jumapili vile vile. "Sexta-feira" ni Ijumaa. Wenyewe hufupisha na kuandika "2ª" au "5ª feira", na kwa kuwa "feira" peke yake ni soko au maonyesho, mashine inaweza kukuletea "soko la tano". Sasa utajua ni Alhamisi.

Saa pia: saa tatu ya asubuhi iandikwe 09:00, kamwe isiwe 3. Burundi na Msumbiji zinatumia saa moja, kwa hiyo hakuna cha kujumlisha wala kutoa.

Barua iliyotumwa

```
Dear Sir,

1. Please confirm your order: 200 baskets.
2. The women started the work on
   Monday 17 March 2025.
3. The second payment is 1250 US dollars.
   We have not received this payment.
4. The last day for payment is
   Tuesday 1 April 2025.
5. If we receive the money, the baskets will leave
   Gitega on Thursday 3 April 2025.

Thank you.
```

Tazama mabadiliko. Kila mstari una jambo moja, na una namba, ili mnunuzi aweze kujibu "4: sim", yaani ndiyo kwa jambo la nne. Neno "balance" limeondoka, kwa sababu lina maana ya salio, mizani na usawa, na badala yake pana "second payment". Neno "order" limebaki, ingawa nalo lina maana tatu za agizo, amri na mpangilio, kwa kuwa "200 baskets" iliyo jirani yake inaielekeza mashine. Na badala ya "send" tumeandika "leave Gitega", ili mnunuzi asidhani Alhamisi ndiyo siku ya mzigo kufika kwake.

Kuipima kabla ya kuituma

Ipitishe barua kwenye mashine iende Kireno. Google Translate ina Kireno cha Brazili na cha Ureno. Chagua cha Ureno, kwa sababu maandishi ya Msumbiji yanafuata huko. Kisha kirudishe kile Kireno kwenye Kifaransa, lugha ambayo sisi tunaisoma kwa wepesi kuliko Kiingereza. Sentensi ikirudi imepinda, usihangaike na mashine. Ivunje ile ya Kiingereza iwe mbili.

Lakini kipimo hiki kina mpaka. Mashine inaweza kurekebisha njiani wakati wa kurudi kosa ililolifanya wakati wa kwenda, na "até" itarudi kana kwamba haikuwa na maana mbili. Kwa hiyo kisome Kireno chenyewe pia. Anayejua Kifaransa ataona "confirme" na "pagamento" bila kamusi. Linganisha tarakimu zote, tarehe zote, na majina. Mwisho hesabu neno "não", ambalo ni "hapana" na pia "si". Katika barua yetu ukanusho ni mmoja tu, kwenye mstari wa 3. Ukiona "não" mbili, au usipoiona hata moja, barua imesema kinyume.

Tafsiri hiyo ya majaribio usiitume peke yake. Mpokeaji atadhani unajua Kireno na atakujibu kwa Kireno kirefu chenye misemo. Tuma Kiingereza, au weka vyote viwili, Kiingereza kikiwa chini, ili pakitokea ubishi pawe na maandishi yako mwenyewe ya kurejea.

Zoezi

Isahihishe sentensi hii, kisha ipime kwa njia tuliyoeleza: "We demand that she call us at 2, they are keeping the 1,500 until Friday." Ina mitego isiyopungua mitano. Ukipata minne, tafuta tena kwenye saa.