Barua ya Shukrani kwa Jamaa Waliomlea Mgeni: Uteuzi wa Maneno na Adabu

Mwanafunzi kutoka Marekani aliyekaa miezi 10 na jamaa moja katika Mji wa Kale, Mombasa, anarudi kwao na kuandika: “Mpendwa familia, ningependa kukushukuru kwa huduma yako nzuri. Chakula kilikuwa kitamu. Asante kwa kila kitu. Kwaheri.” Nia yake ni njema, lakini barua hii huenda ikawaumiza wanaoisomewa.

Barua ya namna hii husomwa kwa sauti, watu wameketi pamoja. Kiambishi -ku- na neno “yako” humshukuru mtu mmoja, kwa kuwa Kiingereza hakitofautishi umoja na wingi hapo. Bibi aliyeketi pembeni hatasikia fungu lake. Nako kusema “ningependa” ni kutamani kushukuru bila kushukuru. Kosa hili, hata hivyo, si la wageni peke yao, kwani hotuba za wenyeji zimejaa “ningependa”.

Neno lililo zito zaidi ni “huduma”. Huduma hupatikana hotelini na hulipiwa. Hata “ukarimu”, neno lifaalo kwa mgeni wa wiki moja, halimtoshi huyu. Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naye alipewa jembe lake, yaani mbuzi ya kukunia nazi. Alichopata ni malezi. Baada ya kulitambua hilo, aliandika upya:

“Kwa Bibi, Baba, Mama na ndugu zangu wote,

Salamu nyingi. Nimefika salama, wazazi wangu hawajambo, nao wanawasalimu sana. Ahsanteni kwa malezi. Nilikuja sijui hata kukaa juu ya mbuzi. Bibi akanicheka, akanifunza, akaniambia nirudie. Kila asubuhi huku nayakumbuka mahamri na mbaazi. Ikiwa yupo niliyemkosea kwa kutojua, naomba aniwie radhi. Nitaandika tena baada ya Ramadhani.

Mwanenu.”

Bibi ametangulia kwa umri wake. Habari za wazazi zimekuja kabla ya shukrani, kwa sababu aliyelea mtoto wa wenyewe hutaka kwanza kujua kama amewafikia. “Kila kitu” kimeachwa, na mahali pake pamewekwa nazi na kicheko, mambo ambayo jamaa nyingine isingeweza kuandikiwa.

Kuombana radhi wakati wa kuagana ni ada, wala si kukiri kosa. Sentensi moja yatosha. Zikizidi, wasomewaji wataanza kutafuta ni nini kilichoharibika. “Kwaheri” nayo imeondolewa, kwani katika barua huweza kusikika kama mlango unaofungwa. Ahadi ya kuandika baada ya Ramadhani huuacha wazi, mradi itimizwe: Idi ikipita bila barua, jamaa watauliza.