Maswali ya kuuliza kabla hujatuma milioni yako

Jirani yako hapo Goba amekuonyesha meseji za M-Pesa. Aliweka milioni moja kwenye mradi wa kuku, na huu ni mwezi wa tatu anapokea laki mbili. Hakudanganyi, pesa kaipata kweli. Lakini kabla hujamfuata, chukua kalamu.

Tuseme watu kumi wamempa mwenye mradi milioni moja moja. Ana milioni kumi. Kila mwezi anamlipa kila mmoja laki mbili, jumla milioni mbili. Hata asiponunua kifaranga, anaweza kuwalipa miezi mitano bila kuchelewa. Akijichukulia milioni nne mapema, za gari na ofisi, bado zinabaki za miezi mitatu. Kwa hiyo meseji za jirani hazithibitishi kitu. Laki sita alizopokea huenda ni sehemu ya milioni yake mwenyewe. Mwezi wa nne lazima apatikane mtu mpya, na anayetafutwa ni wewe.

Swali la kwanza basi ni hili: mwezi ambao biashara imekwenda vibaya, mimi nalipwa ngapi? Goba wafugaji ni wengi, waulize. Mdondo ukiingia bandani, unaweza kupoteza kundi zima. Chakula kikipanda bei, faida inaliwa. Hakuna mfugaji anayepata kiasi kilekile kila mwezi. Ukijibiwa kwamba malipo hayabadiliki kamwe, umeshajua hayatoki kwa kuku.

Mambo haya yameshatokea hapa Dar. DECI iliwaambia watu wapande mbegu, kisha wavune. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na waumini wengi waliwaamini. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wa DECI. Mwaka 2020 ikafuata kesi ya Mr Kuku ya Kigamboni. Mashtaka yalisema watu waliahidiwa faida ya asilimia 70 ndani ya miezi minne. Mwaka 2021 hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilikuwa inalipa asilimia 15.95 kwa mwaka mzima. Laki mbili kwa milioni kila mwezi ni asilimia 240 kwa mwaka. Kama biashara ya mwenye mradi inazalisha kiasi hicho, kwa nini asikope benki na kubaki na faida yote?

Swali la pili: nani amekupa leseni ya kupokea pesa za watu? Hapa ndipo wengi wanateleza, kwa sababu makaratasi yanaonyeshwa kweli. Cheti cha BRELA kinasema tu kwamba kampuni imesajiliwa. TIN inasema imeandikishwa kwa ajili ya kodi. Leseni ya biashara ya halmashauri ni ya kuendesha biashara yake. Hata leseni ya Benki Kuu ya huduma ndogo za fedha daraja la pili inamruhusu kukopesha, si kupokea amana zako.

Mtu anayepokea amana lazima awe na leseni ya Benki Kuu kwa kazi hiyo. Saccos iko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Anayeuza vipande vya mfuko wa uwekezaji yuko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Omba jina kamili la kampuni, kisha uwaulize wahusika wewe mwenyewe. Usitumie namba ya simu uliyopewa na wakala, itafute mwenyewe. Jina la kampuni likiwa moja na la namba ya kutumia pesa likiwa la mtu binafsi, acha.

Swali la tatu: nikitaka mtaji wangu wote baada ya mwezi mmoja, naupataje? Sikiliza vizuri. “Unaweza kuuendeleza kwa faida kubwa zaidi” si jibu. “Leta watu wawili kwanza” ni jibu, na linakutosha kuondoka.

Akikuambia nafasi zinafungwa leo usiku, mwambie utamjibu ukishahakiki. Jirani naye mjibu kwa upole, maana anaamini anakusaidia: “Nashukuru kaka, nasubiri majibu ya Benki Kuu.” Huna haja ya kubishana naye.

Na kama umeshaweka pesa, omba mtaji wako wote leo, wakati bado wanalipa. Usiongeze hata elfu kumi, wala usimwingize ndugu ili ufidie. Wakianza kudai “ada ya kutolea” kabla ya kukulipa, usitume. Hiyo nayo haitarudi. Hifadhi meseji za miamala, mkataba, namba za mawakala na mazungumzo ya kundi la WhatsApp kabla hawajakutoa, kisha nenda navyo polisi.