Vidoa vya Jua Kwenye Birika: Mafunzo Niliyopata Nikichuja HDRI

Birika la shaba nililokuwa naliandalia duka la vyombo lilipendeza likiwa laini kama kioo. Nilipolipa ukwaruzo wa 0.5 likaota vidoa vyeupe, utadhani limerushiwa chokaa. HDRI iliyoliangaza ilipigwa nje, saa sita mchana, jua likiwa wazi.

Kazi yenyewe ni hii. Picha ya HDRI huja imetandazwa kama ramani ya dunia, nawe unaihamishia kwenye nyuso sita za mchemraba. Kisha unajenga mchemraba wa pili, ambao kila ngazi yake ni ndogo kuliko iliyotangulia na imefifishwa zaidi. Wangu ulikuwa na ngazi tano, kuanzia pikseli 128 kwa upande hadi 8, kwa ukwaruzo wa 0, 0.25, 0.5, 0.75 na 1. Chombo kikichorwa, sheda husoma ngazi inayolingana na ukwaruzo wake. Nilifuata njia aliyoieleza Brian Karis wa Epic Games kwenye SIGGRAPH mwaka 2013.

1. Kuongeza sampuli hakulitulizi jua

Pikseli ya ngazi iliyofifishwa hupatikana kwa kurusha miale kuzunguka mwelekeo mmoja, kwa mgawanyo wa GGX, na kuchukua wastani wa mwanga ulioonekana. Jua ni dogo mno angani, ila linang'aa kupita vyote vilivyolizunguka. Pikseli ambayo mwale wake mmoja umeligonga inawaka. Jirani yake, ambayo miale yake yote imelikosa, inabaki na giza.

Nilipandisha sampuli kutoka 1024 hadi 4096. Vidoa vilififia bila kutoweka. Kilichonifumbua macho ni kwamba vilijipanga kwa mchoro ule ule kulizunguka jua: kila pikseli ilitumia mfuatano mmoja wa Hammersley, kwa hiyo nilikuwa nauona mfuatano wenyewe.

2. Mwale adimu usome picha iliyofifia

Dawa imo katika sura ya Mark Colbert na Jaroslav Křivánek ndani ya GPU Gems 3, ya mwaka 2007. Kila mwale unawakilisha kipande cha anga. Miale ikiwa michache upande fulani, kipande cha kila mmoja ni kikubwa, na si haki kukisemea kwa pikseli moja. Basi mwale huo usome ngazi ndogo ya mchemraba wa awali, ambamo pikseli moja tayari ni wastani wa nyingi.

```glsl
float saTexel  = 4.0 * PI / (6.0 * 512.0 * 512.0);
float saSample = 1.0 / (1024.0 * pdf);
float mip = max(0.0, 0.5 * log2(saSample / saTexel));
```

Tuchukue birika langu. GGX hutumia alfa, ambayo ni ukwaruzo uliozidishwa kwa wenyewe: 0.25. Katikati kabisa ya mgawanyo, `pdf` inakuwa karibu 1.27, na kipande cha mwale mmoja ni takriban 0.00077. Pikseli moja ya mchemraba wa awali, wenye pikseli 512 kwa upande, inafunika takriban 0.000008. Mwale unabeba pikseli 96, hivyo unasoma ngazi ya 3.3. Miale ya pembeni, ambako `pdf` hushuka, husoma ngazi za juu zaidi. Nilirudi kwenye sampuli 1024, na vidoa vikaisha.

3. `glGenerateMipmap` ina wakati wake

Siku ya kwanza dawa haikufanya kazi, nami nikailaumu hesabu. Kumbe ngazi za mchemraba wa awali zilikuwa tupu: niliziunda kabla ya kuchora nyuso sita, na kichujio kilikuwa `GL_LINEAR`, kwa hiyo kila mwale ulisoma ngazi ya 0. Ziunde baada ya kuchora, na uweke `GL_LINEAR_MIPMAP_LINEAR`.

Kwenye mchemraba wa pili ni kinyume. Ukiita amri hiyo baada ya kujaza ngazi zako, inazifuta zote isipokuwa ya 0 na kuweka wastani wa kawaida. Dalili yake ni chombo cha ukwaruzo wa 1 kinachoakisi dirisha lenye kingo zinazotambulika.

4. Jaribu kwa anga jeupe

Jaza mchemraba wa awali thamani 1 kila mahali. Ngazi zote tano lazima zitoe 1. Zangu zilikuwa zikizama gizani kadiri ukwaruzo unavyopanda, kwa sababu niligawanya kwa idadi ya sampuli badala ya jumla ya uzito wa `NdotL`. Jaribio hili halionyeshi vidoa. Vidoa vitafute kwa HDRI yenye jua.

5. Kuna kitu hakirudi

Uchujaji huu unadhani mtazamaji anatazama uso moja kwa moja, kwa hiyo taa inayoakisiwa kwenye sakafu hairefuki unapoitazama kwa mshazari. Kwenye birika, lililojaa mikunjo, hakuna aliyegundua. Kwenye terazo niliyoliwekea chini, niligundua mara moja.