Mistari ya Jina la Mtu: Fanya Hivi, Usifanye Hivi

Kila msimu wa mahafali na sendofu, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, nasikia mistari ya majina, kila herufi ya jina ikianzisha mstari wake, inayomwaibisha mwenye jina mbele ya wageni wake. Aibu hiyo inaepukika.

FANYA

Anza na mtu, si na herufi. Andika kwanza mambo uliyomwona akiyafanya, ndipo uyatafutie maneno. Tuseme unamwandikia Halima, muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi:

H – Hesabu zako zimenyooka; wateja hawazirudii.
A – Alfajiri hukukuta mwaloni, ndoo mkononi.
L – Lawama huna; bei unapatana na wavuvi kwa upole.
I – Imara ulisimama mwezi mpevu, mwalo ukiwa mtupu.
M – Mikono yako imesomesha watoto.
A – Akiba yako ndogo ndiyo mtaji wa kesho.

Mstari wa nne ndio unaobeba kazi yote. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, na siku hizo muuzaji hana mzigo. Halima akiusikia atajua umemwona siku ngumu. Ungeandika "Imani ni nguzo", ungemfaa yeyote, yaani usingemfaa yeye.

Ziba herufi, kisha usome kwa sauti. Ukumbini watu wanasikia, hawaoni herufi. Mstari usiosimama peke yake ufute.

USIFANYE

Usiegemee "Ana-" kila ikija A, wala "Ni" kila ikija N. "Anapendeza, Anajituma, Anajali" ni uvivu. Kiambishi kinakupa herufi bure, na mstari unabaki mtupu. Amka, Alfajiri, Akiba, Ahadi: maneno yapo, yatafute.

Usichanganye "wewe" na "yeye". Ukianza kwa kusema naye, maliza kwa kusema naye.

Usiingize kasoro ukiiita ushauri. Nimesikia binti akisomewa kwenye mahafali yake, "Sasa usirudie uzembe wa mwaka jana." Alishusha macho, na mama yake pia. Herufi S ina Subira, Sauti, Sifa. Kama una la kumwonya, mwonye faraghani.

FANYA

Amua mapema herufi pacha. Chausiku aanze na Ch kama herufi moja, kwa kuwa ni sauti moja. Ukiandika C peke yake hutapata neno la Kiswahili linaloanza nayo. Ukifanya hivyo kwa Ch, fanya hivyo na kwa Sh ya Asha.

USIFANYE

Usibadilishe jina ili likurahisishie. Hakuna neno la Kiswahili linaloanza na Q wala X. Ukitaka kumwandika Qassim kuwa Kasimu, muulize kwanza. Akikataa, tumia jina la baba yake au lile analoitwa nyumbani, kwa ridhaa yake.