Miezi mitatu ya kuhama: mhasibu wa kampuni anapotafuta kazi katika asasi

Mhasibu mmoja wa Dar es Salaam, mwenye CPA na miaka 12 katika kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla, anataka kuhamia katika asasi isiyo ya kiserikali. Amejipa miezi mitatu ya kutafuta huku akiendelea na kazi yake. Haya ndiyo maswali yake na majibu niliyompa.

Kila tangazo linadai uzoefu wa fedha za wafadhili, nami sina. Nianzie wapi?

Mwezi wa kwanza usitume ombi hata moja. Jifunze kwanza jambo moja linalotenganisha kazi hizi mbili. Katika kampuni, fedha zote huingia mfuko mmoja, na mwisho wa mwaka mnauliza faida. Katika asasi, sehemu kubwa ya fedha inakuja na mkataba unaosema itumike kwa lipi na hadi lini. Asasi yenye wafadhili wanne ina vitabu vinne ndani ya kitabu kimoja.

Tafuta hesabu zilizokaguliwa za asasi mbili au tatu. Nyingi huziweka wazi kwenye tovuti zao. Soma sehemu inayotenganisha fedha zenye masharti na zisizo na masharti, mpaka uweze kueleza kwa nini asasi yenye milioni 300 benki inaweza kushindwa kulipa kodi ya ofisi.

Wasifu wangu nao?

Uandike upya kwa kutazama ulichokwisha fanya. Ulitenganisha gharama za kila tawi? Hiyo ndiyo kazi ya kutenganisha gharama za miradi. Ulifuatilia masurufu ya maofisa mauzo hadi yakarejeshwa na risiti? Taja walikuwa wangapi na yalirejeshwa baada ya siku ngapi. Kama uliiandalia benki taarifa za robo mwaka kuhusu mkopo wa kampuni, ziweke juu kabisa, kwa sababu benki nayo ilitoa fedha kwa masharti na ikadai maelezo, kama mfadhili.

Mwezi wa pili niombe wapi?

Maombi mawili kwa wiki yanatosha, kila moja likiwa limeandikwa kwa ajili ya asasi ile. Kumbuka kwamba Marekani ilipositisha misaada yake ya nje mwanzoni mwa 2025, wahasibu wengi wa miradi walibaki bila kazi, nao wanaomba nafasi zilezile. Kwa hiyo anza na asasi zinazohitaji ujuzi wa biashara: hospitali za mashirika ya dini, shule, taasisi za mikopo midogo, miradi inayonunua mazao kwa wakulima. Huko, mtu anayejua stoo, bei na wadaiwa ana nafasi nzuri.

Zungumza pia na wakaguzi wanaokagua kampuni yenu, ukiwaamini kutunza siri. Huenda wanakagua asasi pia, na wanajua ni ipi yenye vitabu safi.

Mtihani wa usaili unakuwaje?

Mara nyingi unawekwa mbele ya kompyuta na jedwali la bajeti. Tuseme ruzuku ni shilingi milioni 240 kwa miezi 12. Miezi tisa imepita. Kwa mpango wa kugawa sawa, milioni 180 zingekuwa zimetumika, lakini vitabu vinaonyesha 120. Asiyezoea ataandika kwamba mradi umechelewa kwa milioni 60, kisha ashauri manunuzi ya haraka.

Wewe tazama akaunti ya masurufu kwanza. Ukikuta milioni 35 ziko mikononi mwa maofisa wa mikoani na hazijarejeshwa, basi huenda kazi imefanyika ila haijaandikwa. Risiti zikithibitisha, pengo linabaki milioni 25. Ukikuta pengo linatokana na warsha ambayo haikufanyika, pendekeza mfadhili aandikiwe mapema aongeze muda bila kuongeza fedha. Kukimbiza matumizi mwezi wa mwisho ndiko kunakozaa gharama ambazo mkaguzi atazikataa, na asasi italazimika kuzirudisha.

Mwezi wa tatu nikipewa kazi, niulize nini kabla ya kusaini?

Uliza mshahara wako unalipwa na ruzuku ipi, na imebakiza miezi mingapi. Mkataba wa miaka miwili juu ya ruzuku ya miezi minane una miezi minane tu ya uhakika. Uliza pia kama mradi mmoja hukopa fedha za mwingine ili kulipa mishahara. Wakijibu kwamba hufanya hivyo na "huwa tunarudisha baadaye", omba kuona barua ya wakaguzi kwa uongozi. Wakikataa kukuonyesha, rudi kwenye maombi yako mengine. Makosa hayo utakapoingia yatakuwa na saini yako.